Tupeane uzoefu: umewahi kusoma taarifa ya michango yako ya mfuko wa pensheni wa NSSF ukajua kweli utapata kiasi gani?

Mtunza Stoo
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 54, niko hotelini Arusha upande wa stoo. Wiki iliyopita nimechukua taarifa yangu ya michango. Chini kabisa imeandikwa jumla shilingi milioni 27 na ushee. Mke wangu akauliza, "Ndiyo hiyo tutakayopewa?" Nikamwambia ndiyo, tukaanza hadi kupanga vyumba vya kupangisha. Halafu mwenzangu aliyestaafu mwaka jana akanicheka, akasema ile jumla niisahau. Wenye uzoefu, mnaisomaje hii karatasi? Miezi inaonekana 226. Mshahara wangu miaka hii mitatu ni milioni moja kabla ya makato.

Bin Chande
Mkuu, ile ni ya kwako tu. Ya mwajiri haionyeshwi, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Milioni 54, jenga tu.

Kalamu Nyekundu
Bin Chande, usimjengee mwenzako nyumba ya hewa. Nimeshika mishahara ya watu miaka 17. Mchango ule kwenye taarifa ni wote kwa pamoja, asilimia 20 ya mshahara, yaani kumi yako na kumi ya mwajiri. Mtunza Stoo, angalia mwezi wowote wa karibuni. Umeandikwa ngapi?

Mtunza Stoo
200,000. Kwenye slipu nakatwa 100,000.

Kalamu Nyekundu
Basi umejijibu. Laki yako na laki yao.

Sasa sikiliza. Ukishatimiza miezi 180, pensheni haihesabiwi kutoka kwenye ile jumla. Wanaangalia vitu viwili tu: miezi uliyochangia, na wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyokuwa bora ndani ya kumi ya mwisho. Wewe kwa mwaka ni milioni 12. Zidisha kwa miezi 226, gawanya kwa 580. Inakuja 4,675,862. Hiyo ndiyo pensheni yako nzima ya mwaka, kabla ya kumegwa.

Inamegwa hivi: asilimia 35 unapewa mbele kama mkupuo, ikizidishwa kwa 12.5. Utapata kama milioni 20 na laki nne na nusu. Asilimia 65 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12, unapokea 253,276 kila mwezi mpaka Mungu akuchukue.

Kwa hiyo milioni 27 hupewi, lakini hujaibiwa pia. Ukiishi miezi 27 tu baada ya kustaafu, mkupuo pamoja na za kila mwezi zimeshaipita ile jumla.

Mwalimu wa Mbozi
Samahani mkuu, mbona 35? Mimi nilisikia bungeni ni 40.

Kalamu Nyekundu
Mwalimu, wewe uko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Bajeti ya 2024 ilitaja makundi mawili. Waliokuwa wakipata nusu nzima kabla ya kushushwa hadi 33, hao walipandishwa mpaka 40. Waliokuwa na 25 wakapandishwa 33, hao wakaongezewa mpaka 35. Sisi wa NSSF tuko kundi la pili. Na mkumbuke, mkupuo ukinenepa, ya kila mwezi inakonda. Ni keki ileile.

Mwalimu wa Mbozi
Sasa nimeelewa. Ila sisi wa mfuko wa zamani wa PSPF tulikuwa tunagawanya kwa 540, tunazidisha kwa 15.5, na nusu mkononi. Kaka yangu alistaafu enzi hizo akanunua Noah na kiwanja kwa siku moja. Hasira ya kikokotoo, hii hesabu mpya ya pensheni, haikutoka hewani.

Bin Chande
Na mimi niulize. Kampuni imenipunguza, nina miezi 14 ya michango. Kikokotoo kinanipa ngapi?

Kalamu Nyekundu
Kikokotoo hakikuhusu, ndugu yangu. Wewe unazungumzia fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 na kuendelea anapewa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Chini ya hapo unarudishiwa nusu ya michango yako wewe, si ya mwajiri. Fungua uzi wako tukusaidie, huu ni wa wazee.

Bin Chande
Sawa, wazee. Lakini ile kuzidisha kwa mbili nilishaanza kuwaambia watu kijiweni 😂

Nesi Tumaini
Naomba kuongeza la kwangu, kwa sababu la Mtunza Stoo ni zuri, mshahara wake umepelekwa sawa. Mimi ni nesi hospitali binafsi. Mwaka jana nilichukua taarifa nikaona kila mwezi 120,000. Nikashukuru Mungu, michango inaenda. Kumbe kwenye slipu nakatwa laki moja kamili, kwa kuwa mshahara wangu kwa ujumla ni milioni. Laki yangu, na wao wanaongeza elfu ishirini tu!

Kalamu Nyekundu
Chukua mchango wa mwezi, zidisha kwa tano, ndio mshahara ambao mwajiri ameuandika kwako. Wako ni 600,000.

Nesi Tumaini
Ndiyo. Mhasibu wetu aliniambia wanapeleka mshahara wa msingi, posho haihesabiwi. Nikamwuliza, kama posho haihesabiwi mbona kunikata mnaihesabu? Akakohoa. Nilipeleka slipu za mwaka mzima na ile taarifa ofisi ya mfuko. Miezi minane sasa wanapeleka 200,000. Ila ya nyuma yote bado ni ile 120,000, na nina miaka 48. Nimepoteza kiasi gani?

Kalamu Nyekundu
Pengine hujapoteza kitu kwenye pensheni, na hapa ndipo watu wengi hawaamini nikiwaambia. Ukistaafu ukiwa na 55, tayari utakuwa na miaka kama saba ya mshahara uliopelekwa sawa. Mitatu bora itatoka humo. Ile 600,000 ya zamani haitaguswa kwenye hesabu. Ungegundua ukiwa umeshastaafu, hapo ndipo ungelia, kwa sababu mkupuo na pensheni vyote vingekuja sita ya kumi ya haki yako.

Ila zile elfu themanini za kila mwezi ambazo hazikufika, zidai. Nusu yake ni makato yako, nusu ni ya mwajiri.

Dereva wa Mbeya
Mimi sikubali kirahisi. Kwetu mwajiri anasema posho ya safari si mshahara, na hiyo ndiyo nusu ya hela yangu. Hiyo nayo inapelekwa?

Kalamu Nyekundu
Posho ya safari ya kula na kulala njiani ni jambo moja, posho unayopewa kila mwezi hata ukiwa umekaa nyumbani ni jambo jingine. Sitakudanganya kwamba nakijua kila kilichomo kwenye mkataba wako. Uupeleke ofisi ya mfuko wausome.

Mtunza Stoo
Jamani nirudi kidogo. Mzee Kalamu, umehesabu 226. Mimi niko pale miaka 20 kamili, ilipaswa kuwa 240. Nimekaa nayo usiku, nikaona miwili ya mwanzo haipo, nadhani walichelewa kunisajili. Halafu kuna shimo moja kubwa, Aprili 2020 mpaka Machi 2021. Enzi ya korona, wageni hakuna, tulikuwa tunalipwa nusu mshahara.

Kalamu Nyekundu
Kwenye nusu mshahara walikukata?

Mtunza Stoo
Walinikata. Slipu ninazo, ziko kwenye bahasha ya vyeti vya watoto.

Kalamu Nyekundu
Basi usiziguse tena, toa nakala. Ukiwa na 240 badala ya 226, mkupuo unapanda kutoka milioni 20.45 hadi 21.72, na ya kila mwezi kutoka 253,276 hadi 268,966. Unaona ni elfu kumi na tano tu kwa mwezi, lakini ni kila mwezi hadi mwisho wa maisha.

Na tazama tofauti na ya Nesi. Hata ule mwaka wa nusu mshahara, kiasi hakina neno, kwa sababu hautaingia kwenye mitatu bora. Kinachokuuma ni mwezi wenyewe kutokuwepo. Mshahara uliokosewa zamani unafunikwa na miaka mizuri ya mwisho. Mwezi usiopelekwa hakuna kinachoufunika.

Salma wa Tanga
Kabla hamjaenda kupiga kelele kwa waajiri, angalieni na upande wenu. Mimi nilikosa miezi 61! Nililia hadi macho yakavimba. Kumbe nilipohamia kazi ya pili nilijaza fomu upya kwa jina la mume, nikapewa namba nyingine. Miezi yangu ilikuwa salama kwenye namba ya zamani. Nilipeleka cheti cha ndoa na kitambulisho cha NIDA, zikaunganishwa.

Na mwezi wa mwisho usipoonekana msihangaike, mwajiri ana mwezi mzima unaofuata wa kupeleka.

Mlinzi wa Zamu
Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote kimya kimya. Mimi ni mlinzi, nina miaka 59 na miezi minne, kwenye taarifa nina miezi 171. Nikifika 60 ninastaafu. Hapa mmesema miezi 180. Bado miezi minane tu.

Kalamu Nyekundu
Marahaba, mdogo wangu. Subiri kwanza. 171 na nane ni 179.

Mlinzi wa Zamu
Ndiyo maana nimeandika.

Salma wa Tanga
Astaghfirullah. Mwezi mmoja!

Kalamu Nyekundu
Ukibaki na 179 unapewa mkupuo peke yake, hakuna ya kila mwezi. Kwa hiyo kwako huu mmoja ndio pensheni yenyewe. Usizungumze na mtu kuhusu jumla wala mshahara, anza kutafuta mwezi. Pitia mstari kwa mstari, mwaka kwa mwaka, kila mwaka uhesabu mistari kumi na miwili. Penye kumi na mmoja, simama hapo.

Nesi Tumaini
Na mwezi ule ulioanza kazi? Wengine walianza tarehe 20, mwajiri akapuuza zile siku.

Dereva wa Mbeya
Si anaweza kuomba mwajiri amwongezee mwezi mmoja kazini baada ya 60?

Kalamu Nyekundu
Wapo walioongezewa mkataba, na wapo waliokataliwa. Asitegemee hilo kabla hajamaliza kutafuta.

Mlinzi wa Zamu
Nimerudi. Nimehesabu na mwanangu wa kidato cha tatu, tumetumia rula. Mwaka 2013 una mistari kumi na mmoja. Julai haipo. Kampuni ilibadilisha mmiliki mwezi ule, tulihamishiwa kwa mwajiri mpya na lindo lilelile. Mimi sikukosa zamu hata moja.

Kalamu Nyekundu
Slipu ya Julai unayo?

Mlinzi wa Zamu
Slipu hatukuwa tunapewa. Tulikuwa tunasaini kitabu. Lakini mshahara ulipitia benki, na akaunti ni ileile mpaka leo.

Kalamu Nyekundu
Kesho benki wakifungua uwe wa kwanza mlangoni. Omba taarifa ya akaunti ya Julai na Agosti 2013. Kisha nenda ofisi ya mfuko nayo, na barua ya ajira, na uwataje waajiri wote wawili, wa zamani na mpya, ili wasianze kurushiana.

Mlinzi wa Zamu
Nitaenda nikitoka lindo saa kumi na mbili asubuhi. Nitawaambia walichosema.