MREJESHO: Simu iliyopotea kwenye daladala la Mbagala

Niliuliza: "Simu yangu ya Android imebaki kwenye daladala la Mbagala asubuhi hii. Nifute kila kitu sasa hivi au nisubiri?"

Jamani, ahsanteni sana. Nilisubiri kufuta, na ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu simu ikishafutwa haionekani tena kwenye ramani.

Niliazima simu ya dada, nikafungua android.com/find. Kikwazo kikawa namba ya uthibitisho: ilikuwa inatumwa kwenye simu ileile iliyopotea! Bahati nzuri nilikuwa nimeandika kwenye daftari zile namba za akiba za Google, zenye tarakimu nane. Moja ikaniingiza.

Ramani ilionyesha simu ipo Rangi Tatu, na bado ina mtandao. Nikaifunga kwanza, nikaweka ujumbe wa kioo na namba ya dada. Laini niliifungia dakika chache tu baadaye, ili kulinda pesa zangu za kwenye simu. Ningeanza na laini, simu ingekosa bando na amri ya kufunga isingefika.

Jioni hakuna aliyepiga, na ramani ilibaki na eneo la mwisho tu. Nikatuma amri ya kufuta. Haikutekelezwa palepale, inasubiri simu iingie mtandaoni, hata kwa waifai. Siku ya tatu ikaingia, ikajifuta.

Simu sijaipata. Laini nimeirudisha, na picha za mtoto zilikuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti. Kadi ya kumbukumbu ndiyo inayoniuma, maana hiyo huenda haikufutika.