Nipunguzieni maneno ya stori: ploti ya chama imelipwa, nafasi juu ya picha haitoshi

MamaWawili_Kariobangi
Habari za jioni wadau. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama huku Kariobangi. Wiki hii tumemaliza kulipia ploti yetu Kitengela na hati imetoka. Nimeambiwa niweke picha kwenye stori ya Instagram ya chama, na maneno yawe juu ya picha yenyewe kwa sababu kule kwenye stori hakuna mahali pa kuandika maelezo marefu chini.

Mweka hazina ameniletea haya:

"Hatimaye sisi wanachama tumefaulu kukamilisha malipo ya ploti yetu ya futi hamsini kwa mia moja kule Kitengela, baada ya miaka sita ya kuchanga kila mwezi bila kuchoka, na leo tumepokea hati miliki mikononi mwetu. Tunamshukuru Mungu na kila aliyetushika mkono."

Nimejaribu kuyabandika yote, herufi zikawa ndogo kama za karatasi ya dawa. Nikapunguza hadi "Tumekamilisha malipo ya ploti yetu Kitengela", bado yanashuka mistari mitatu na kufunika vichwa vya watu. Picha ni ya kusimama wima. Tuko kwenye nyasi, mwenyekiti ameshika hati kifuani, nyuma ni anga tupu. Mahali pa kuandika ni hapo kwenye anga tu. Ninyi mngeacha nini na kubakisha nini?

Kamau_wa_Huruma
Hongereni sana. Hii ni rahisi, hesabu maneno. Yasizidi manne. Andika "Tumekamilisha ununuzi wa ploti", basi, kazi imeisha.

Otis254
Kitengela upande gani hasa? Iko karibu na lami? Na wanauza bei gani hiyo ya hamsini kwa mia? Natafuta pia, nitumie namba ya muuzaji tafadhali.

MamaWawili_Kariobangi
Otis kaka yangu, hatuuzi, tumenunua 😂

Bango_RiverRoad
Dada hongera. Mimi kazi yangu ni kupanga maandishi ya mabango na kadi pale River Road, na siku hizi nusu ya wateja wanataka ya stori. Niseme mawili, na la kwanza ni la Kamau.

Kamau ana haki kwamba yawe machache, lakini akihesabu maneno atakwama. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Tumekamilisha" ni neno moja lenye herufi 13. Likikaa na "ununuzi" mstari umejaa, na apu inasukuma "wa ploti" chini peke yake. Hesabu herufi za kila mstari, pamoja na nafasi kati ya maneno. Nikitaka herufi zisomeke na mtu aliye ndani ya matatu, simu mkononi, sipitishi herufi 18 kwa mstari, na mistari isizidi miwili. Hicho ni kipimo changu cha kazi, kwa fonti nene itabidi upunguze zaidi.

Kwa hiyo unapokata, anza na vitenzi virefu. "Tumekamilisha" ni 13, "tumemaliza" ni 10, "imelipwa" ni 8. Halafu toa kila kitu ambacho kiko tayari ndani ya neno lingine. "Sisi wanachama" imeshasemwa na "tu-". "Mikononi mwetu" inaonekana kwenye picha, mwenyekiti ameishika. "Hatimaye" itasemwa na miaka sita. Namba iandike kwa tarakimu: 6 inakula nafasi ya herufi moja, "sita" nne.

La pili ametuonyesha Otis, na wala simcheki. Angalia Status za watu wako wa WhatsApp leo uone ni ngapi zinauza ploti Kitengela, Juja, Joska. Zote zina mtu kwenye nyasi, hati mkononi, na maneno "50 kwa 100, hati tayari". Picha yenu ni hiyo hiyo. Ukikata vibaya ukabaki na "Ploti Kitengela. Hati tayari", maneno yatatosha vizuri kabisa na simu ya chama italia wiki nzima watu wakiuliza bei. Kitu kinachofanya hili kuwa fanikio lenu badala ya tangazo ni "yetu" au "tu-". Ukubwa wa ploti unaweza kutoka, mji unaweza kutoka, hata hati yenyewe. Hicho kisitoke.

Kamau_wa_Huruma
Sawa Bango, nimekubali hilo la herufi. Lakini basi si "Ploti imelipwa" inatosha? Herufi 14.

Bango_RiverRoad
Imelipwa na nani? Dalali huandika hivyo hivyo akishauza, ili wengine waharakishe. Afadhali "Ploti yetu imelipwa". Ni herufi 19, kwa hiyo unaikata mistari miwili: "Ploti yetu" juu, "imelipwa" chini. Inafanya kazi. Ila bado haina safari ndani yake, na safari ndiyo mtu atakayosimama kuisoma.

BabaTriza
Naomba niingilie na langu. Mke wangu alihitimu akiwa tayari mama wa watoto watatu. Nikaweka picha akiwa na joho na kofia, nikaandika "Mahafali ya mke wangu". Dada yangu akanipigia, akaniuliza kwani nani haoni kofia? Nikafuta nikaandika "Watoto 3, digrii 1". Watu waliandika mpaka nikashindwa kujibu. Sasa sijui kama kwa ploti inafanya kazi, lakini nadhani kile ambacho picha haiwezi kuonyesha ndicho cha kuandika. Nyasi na hati tunaziona. Ile michango ya kila mwezi hatuioni.

Bango_RiverRoad
Hapo ndipo nilikuwa nakwenda. Mama Wawili, tufanye hivi. Katika maneno ya mweka hazina, vitu ambavyo macho hayawezi kupata kwenye picha ni viwili: kwamba ilichukua miaka sita, na kwamba deni limeisha. Vingine vyote vinaonekana au vinaweza kusubiri.

Jaribio la kwanza: "Miaka 6. Ploti yetu." Fupi, lakini mtu atadhani mnaadhimisha miaka sita tangu mnunue. Jaribio la pili: "Miaka 6 ya michango, ploti ni yetu". Maana imekaa, ila neno "michango" kwa watu wa Nairobi linaweza kuwa la harusi, la hospitali, la matanga. Na ni nomino, mnatoweka ninyi wenyewe. Rudisha kitenzi:

Miaka 6 tukichanga.
Leo ploti ni yetu.

Mstari wa kwanza una herufi 18 bila nukta, wa pili 17. Iko karibu sawa, kwa hiyo haitakaa kama imeinama upande mmoja. Bonyeza mwenyewe kushuka mstari baada ya "tukichanga", usiiachie apu ikate inapotaka, kwa maana itakuachia "Leo" juu na mengine chini.

Kuhusu mahali: turubai ya stori ni pikseli 1080 kwa 1920. Acha kama 250 juu bila maandishi, hapo hukaa jina la akaunti na vile vistari vya muda, na kama 340 chini kwa sababu ya kisanduku cha kujibu. Kwa hiyo hata kwenye anga lako usipande mpaka juu kabisa. Na kama picha ilipigwa saa sita mchana, anga ni jeupe, herufi nyeupe zitapotea. Weka kivuli cha rangi nyuma ya maandishi, kile cha kuziba kabisa, si cha kupenyeza.

Wanja_M
Mimi sio mtaalamu wa maandishi ila nafanya kazi kwa wakili. Jamani ile hati! Kabla hujaongeza neno lolote, vuta picha uone kama namba ya ploti na majina yanasomeka. Yakisomeka, yafiche. Na usitumie ile kalamu ya rangi hafifu ya kwenye simu. Mtu akiongeza mwangaza wa picha, yanaonekana chini yake. Kata picha, au mwambie mwenyekiti ageuze ile hati mpige nyingine.

MamaWawili_Kariobangi
Wanja asante, nimevuta na kweli jina la mwenyekiti linasomeka. Hiyo nitaikata.

Nimeijaribu ya Bango. Inakaa kwenye anga bila kugusa kichwa cha mtu, na nimempa jirani simu kwa sekunde chache nikaichukua, nikamuuliza ameelewa nini. Akasema, "Mmemaliza kulipa." Hakuuliza bei. 😂

Lakini sasa nina kesi mbili. Nimeituma kwenye kundi la chama, na mweka hazina anasema bila kumshukuru Mungu haiendi popote. Na wengine wanataka Kitengela iandikwe, watu wajue.

BabaTriza
Shukrani iwe picha ya pili, inayofuata hiyo. Kule unaandika hata aya nzima kwenye rangi tupu.

Kamau_wa_Huruma
Picha ya pili nani anaisoma? Mimi mwenyewe nikiona rangi tupu na maandishi marefu nabonyeza mbele. Mama akitaka Mungu ashukuriwe, ashukuriwe pale pale.

Bango_RiverRoad
Hapo Kamau sikupingi sana, wengi hupita. Kama lazima iwe kwenye picha moja, toa "Leo" na ukubali mstari wa tatu mfupi:

Miaka 6 tukichanga.
Ploti ni yetu.
Asante Mungu.

Punguza ukubwa kidogo tu, na angalia mstari wa tatu usimguse mama aliye mrefu. Ila kwa macho yangu ile ya mistari miwili ina nguvu zaidi, "Leo" ndiyo inayoifanya iwe habari ya leo. Kati yenu na mweka hazina mtaamua.

Kitengela, kuna stika ya mahali. Ibandike ndogo chini ya maandishi, haili maneno yako.

Wanja_M
Mimi hata stika nisingeweka. Ploti haijazungushiwa ua, mnaitangazia nani ilipo?

Otis254
Ua wa mabati siku hizi unagharimu pesa ngapi kwa hamsini kwa mia?

MamaWawili_Kariobangi
Wanja umenitia wasiwasi sasa, stika naiacha kwanza hadi tuzungumze Jumapili. Ya mistari mitatu nimempelekea mweka hazina, anauliza kama "Asante Mungu" inaweza kuwa ya kwanza. Bango, ikiwa juu si itakaribia kule kwenye jina la akaunti?

Bango_RiverRoad
Haitakaribia kama utashusha zote tatu pamoja. Shida ni kwamba mtu atasoma "Asante Mungu" na kupita kabla hajajua ni kwa nini. Mwambie hivyo, umwoneshe zote mbili kwenye simu yake yeye, sio yako.