Kuweka kila mwezi ili kufikia lengo: kugawa, fomula au kujumlisha mwezi kwa mwezi?

Mtambwe_Paa

Assalaam alaykum. Nataka shilingi 3,600,000 za mabati na mbao za kupaulia, ndani ya miezi 12, naanza na sifuri. Akaunti inakadiriwa kutoa faida ya asilimia 6 kwa mwaka, inaingia kila mwezi. Nikigawa tu napata 300,000 kwa mwezi. Programu moja ya simu imenipa 290,387. Excel imenipa 291,839. Tofauti si kubwa, lakini nataka kujua ipi sahihi, na je, kuna haja ya kuandika jedwali zima la miezi 12 wakati fomula ipo?

Bi_Ziwani

Wa alaykum salaam. Chukua 300,000 uendelee na mambo yako. Ukigawa hukosei, faida ikija ni ya juu. Hizo nyengine ni kujichosha kwa elfu nane.

Karani_Mkunazini

Bi, kwa mwenye lengo moja na miezi 12 neno lako lina uzito, maana ukigawa huwezi kupungukiwa. Ila mwenzetu kauliza kwa nini mashine mbili zimempa majibu mawili, na hilo kugawa hakulijibu. Jedwali linalijibu.

Zote mbili ni sahihi, kila moja kwa swali lake. 291,839 ni ya mtu anayeweka mwisho wa mwezi. 290,387 ni ya anayeweka mwanzo wa mwezi, ambaye kila pesa yake inakaa mwezi mmoja zaidi. Kwenye PMT, fomula ya Excel ya kutafuta kiasi cha kila mwezi, kinachoamua ni namba ya mwisho ndani ya mabano:

```
=PMT(0.06/12,12,0,-3600000,0)
=PMT(0.06/12,12,0,-3600000,1)
```

Ukiweka 0 ni mwisho wa mwezi, 1 ni mwanzo. Programu nyingi za simu huchagua moja bila kukwambia. Sasa ihakiki kwa mkono. Asilimia 6 kwa mwaka ni nusu asilimia kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi unachukua salio la mwezi uliopita, unalizidisha kwa 0.005, unaongeza faida hiyo, kisha unaongeza pesa mpya:

Mwezi wa 1: 291,839, hakuna faida kwa sababu pesa imeingia siku ya mwisho.
Mwezi wa 2: faida 1,459, salio 585,137.
Mwezi wa 3: faida 2,926, salio 879,902.
Mwezi wa 6: salio 1,773,069.
Mwezi wa 9: salio 2,679,700.
Mwezi wa 11: salio 3,291,702.
Mwezi wa 12: faida 16,459, na ukiongeza 291,839 ya mwisho unafika 3,600,000 kamili.

Nimekata kila faida kwenye shilingi nzima iliyo karibu zaidi, ndiyo maana imekaa sawasawa. Bila kukata ungekuta imepungua shilingi mbili hivi, na hilo si kosa la hesabu.

Sasa angalia linalotokea ukiichukua 290,387 ya programu halafu ukaweka mwisho wa mwezi kama kawaida ya mwenye mshahara. Jedwali linaishia 3,582,087, pungufu ya 17,913. Zidisha salio hilo kwa 0.005 utapata karibu namba ile ile. Pengo likilingana na faida ya mwezi mmoja ya salio la mwisho, basi karibu hakika ni mwanzo wa mwezi umechanganywa na mwisho wake. Dalili hiyo fomula peke yake haikuonyeshi, kwa sababu inatoa namba moja tu na namba hiyo inapendeza.

Mtambwe_Paa

Ahsante Maalim. Mshahara wangu unaingia kuanzia tarehe 25, kwa hiyo mimi ni wa mwisho wa mwezi.

Dau_la_Mkoani

Kwani mnahangaika na nini? Ingieni mchezo wa watu 12, kila mtu 300,000. Zamu yako ikifika unapokea 3,600,000 mkononi. Mimi nimo katika mmoja, na zamu yangu ya pili.

Karani_Mkunazini

Zamu ya pili ni nzuri kwako, ndugu yangu, lakini kwa hesabu hiyo ni mkopo usio na faida: unapokea mwezi wa pili na kulipa miezi kumi iliyobaki. Wa zamu ya 12 hana tofauti na aliyeweka 300,000 kwenye kibubu. Ukimlinganisha na jedwali la juu, aliyeko kwenye akaunti anatoa 3,502,068 kwa mwaka mzima, na 97,932 inaongezwa na faida. Kwa hiyo mchezo unalinganishwa kwa zamu, haulinganishwi kwa jumla. Swali la hapa lilikuwa la kuweka, sio la kupokea mapema.

Dau_la_Mkoani

Haya, lakini asiyeweza kusubiri mwaka zamu ya pili inamfaa.

Karani_Mkunazini

Hilo sikukatai.

Salma_Vitongoji

Mie nauliza langu, samahanini kama nje ya mada. Baba analima karafuu. Miezi tisa ya mwaka anaweza 150,000 tu, halafu miezi mitatu ya kuuza anaweza kuweka nyingi zaidi. Lengo ni lile lile 3,600,000. Nimeweka kwenye PMT inanipa 291,839 kila mwezi, ambayo hawezi. Je, nisubiri msimu tu?

Karani_Mkunazini

Si nje ya mada hata kidogo, na hapo ndipo fomula inapokomea. PMT inadai kiwango kimoja miezi yote. Jedwali halidai. Unaandika kila mwezi pesa yake halisi, B2 hadi B13, halafu:

```
C2: =B2
C3: =C2+ROUND(C2*0.06/12,0)+B3
```

Unaiburuta C3 hadi C13. Tuseme miezi ya kuuza ni ya 8, 9 na 10. Kwenye mistari hiyo mitatu weka kiasi cha kubahatisha, uangalie C13. Nimejaribu 700,000 kwa kila mmoja ikaishia karibu 3,525,220. Nikajaribu 750,000 ikaishia karibu 3,677,480. Lengo limo katikati.

Huhitaji kuendelea kubahatisha. Ukiongeza pesa katika miezi ile ile, salio la mwisho linapanda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo majaribio mawili yanatosha. Nyongeza ya 50,000 imeleta 152,260 hivi. Kutoka 3,525,220 bado zinatakiwa 74,780. Gawanya 74,780 kwa 152,260, zidisha kwa 50,000, unapata karibu 24,556. Jibu ni kama 724,556 kwa kila mwezi wa msimu. Rudisha namba hiyo kwenye jedwali uone C13 inasoma nini. Ikipungua shilingi chache ongeza shilingi, ikipungua elfu kumi basi kuna mstari ulioukosea.

Excel ina Goal Seek inayofanya hivyo hivyo, lakini ukishajua njia ya majaribio mawili unaweza kuifanya kwenye daftari huko Vitongoji bila kompyuta.

Salma_Vitongoji

Na bei ya karafuu ikishuka, miezi ya kuuza ikawa miwili?

Karani_Mkunazini

Badilisha B ya mwezi wa 10 iwe 150,000, kisha rudia majaribio mawili ya miezi ya 8 na 9. Kiasi kitapanda sana. Afadhali uone mapema Januari kuliko kushtukia Oktoba.

Mhasibu_wa_Jioni

Nimefuatilia. Karani amesema kweli, ila kuna jambo ameliruka: kukadiria kwamba faida inaingia kila mwezi. Kuna akaunti zinazoingiza kwa robo mwaka. Nimeifanya hesabu kwa 291,839 ile ile, faida ikihesabiwa kila mwezi lakini ikiingizwa kila miezi mitatu. Mwisho ni 3,599,563 hivi. Mia nne na kitu, ya kupuuza.

Lakini ikiwa benki inahesabu kwa salio la chini kabisa la robo nzima, mambo yanageuka. Robo ya kwanza salio la chini ni sifuri, hupati kitu. Pesa unazoweka ndani ya robo hazihesabiwi hadi robo inayofuata. Mwisho ni 3,581,655, pungufu ya 18,345.

Mmeona? Karibu sawa na pengo la mwanzo na mwisho wa mwezi, na sababu ni nyengine kabisa. Kwa hiyo ile dalili ya Karani ya "karibu hakika" mimi naiwekea shaka.

Karani_Mkunazini

Umenishika. Kutenganisha ni hivi: ukiwa na taarifa ya akaunti ya mwezi wa 3, robo ya kwanza itakwambia. Faida ikiwa sifuri, ni salio la chini. Ikiwa 4,377 au karibu, wanahesabu kila mwezi. Kwa pengo la mwanzo na mwisho hakuna mstari usio na faida zaidi ya mwezi wa kwanza.

Bi_Ziwani

Na nyinyi nyote mnasema asilimia 6 kama imeandikwa jiwe. Akaunti za mudharaba hazikuahidi kitu, ni makadirio. Ndiyo nikasema 300,000.

Mhasibu_wa_Jioni

Hapo Bi ana haki yake. Mimi huweka jedwali kwa asilimia 0, 3 na 6, safu tatu pembeni kwa pembeni, nikiweka kiasi kile kile cha 291,839. Kwa sifuri linaishia 3,502,068, yaani pengo baya kabisa katika safu hizo ni 97,932. Mtambwe aamue kama pengo hilo linazibika mwezi wa 12 au la.

Karani_Mkunazini

Mimi ningeanza na 291,839 na kurekebisha kila robo kwa salio halisi. Tofauti na 300,000 ni 8,161 kwa mwezi, na kwa wengine hiyo ni umeme wa nyumba.

Bi_Ziwani

Na kwa wengine ni mabati mawili matatu pungufu siku fundi amekuja.

Mtambwe_Paa

Nitaweka 295,000 kwa sasa, halafu mwezi wa 3 nikipata taarifa ya akaunti nitaandika hapa waliniwekea nini.