Injinia wa majengo anataka "mzigo wa kila mguu" wa chila ya juu ya paa. Si nimeshampa uzito?

BaridiKla
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa mitambo ya hewa, natokea Mombasa lakini mwaka wa 4 huu niko Kampala. Tuna jengo la ofisi la ghorofa 7 huku Ntinda, na juu ya paa la zege itakaa chila moja ya kupozwa kwa hewa, yaani mashine ya kupoza maji ya viyoyozi vya jengo. Paa limeshamwagwa. Wakati wa usanifu tulimpa injinia wa majengo uzito wa kilo 3,200. Baadaye mteja akabadilisha modeli, na hii iliyonunuliwa inasafirishwa na kilo 3,950, ikijazwa maji inakuwa 4,150. Nikamwandikia barua pepe ya mstari mmoja: uzito umepanda, sasa ni 4,150, tafadhali thibitisha.

Jibu lake: "Nitumie mzigo wa kila mguu, mahali pa kila mguu kwenye michoro yangu, namna inavyokaa, na nguvu za bolti." Kreni imeshakodiwa, inakuja baada ya wiki 3. Najiuliza, huyu anatafuta sababu ya kuchelewesha au kweli anahitaji vyote hivyo? Chila ina urefu wa mita 4.8 na upana wa 2.2. Itakaa juu ya plinthi, yaani kitako cha zege chenye unene wa sentimita 15, na springi 6.

Mukama_wa_Site
Usijisumbue ssebo. Kilo 4,150 ni kama kN 40.7. Gawa kwa eneo la mashine, mita za mraba 10.56, unapata 3.9 kN/m². Paa la mitambo kwa kawaida linasanifiwa kwa 5 au zaidi. Kama lako lilipewa 5, uko salama na chenji inabaki. Kwa usalama zaidi zidisha uzito kwa 1.5 sababu ya mtetemo, umtumie hiyo.

MamaTanki
Jamani na mimi nina swali la hapohapo. Nyumba yangu ya Mukono nataka kupandisha tangi la lita 10,000 juu ya slabu, fundi anasema plastiki ni nyepesi haina shida. Ni kweli?

NondoNaZege
MamaTanki, plastiki ni nyepesi, maji siyo. Hilo tangi likijaa ni tani 10, na ukiliweka kwenye stendi ya miguu 4 kila mguu unasukuma tani 2.5 mahali padogo kama sahani. Usipandishe hadi mtu aone nondo za hiyo slabu. Fungua uzi wako, tutakujibu huko.

BaridiKla, mimi niko upande wa pili wa hiyo barua pepe, yaani ndiye ninayeombaga hizo namba. Mukama hajakosea hesabu, ila amesahau kitu kizito kuliko chila yenyewe. Plinthi yako ina ukubwa gani kwenda pembeni?

BaridiKla
Mchoro wetu unasema 5.4 kwa 2.8, dada.

NondoNaZege
Basi tuhesabu pamoja. 5.4 × 2.8 × 0.15 ni mita za ujazo 2.27. Zege lenye nondo ni kN 25 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo plinthi ina kN 56.7. Chila yako ina 40.7. Ulimwandikia injinia kuhusu kilo 950 zilizoongezeka, huku kwenye mchoro wenu kuna karibu tani 6 ambazo hakuna aliyemtajia. Hata mashine ikitawanywa kwenye eneo lote la plinthi ni 2.7, ongeza 3.75 ya plinthi, unafika 6.4 au 6.5 kN/m². Ile 5 ya Mukama imeshapitwa kabla hatujataja lami ya kuzuia maji na zege la mteremko.

Nimeona hili mara nyingi. Plinthi inachorwa na watu wa mitambo, kwa hiyo injinia wa majengo anadhani ni yao. Nao wanaona ni zege, kwa hiyo wanadhani ni yake.

Sasa miguu. Karatasi ya mtengenezaji lazima ina jedwali la mzigo kwenye kila tundu la kushikia. Umeliona?

BaridiKla
Ndiyo, nimelipata ukurasa wa mwisho kabisa. Kuanzia upande wa kompresa, jozi kwa jozi, kwa kilo, mashine ikiwa na maji:

```
P1 980   P2 940
P3 720   P4 690
P5 430   P6 390
```

Jumla 4,150. Nilifikiri ni ya kuchagulia springi tu.

NondoNaZege
Ni ya springi na ni yetu pia. Ukigawa sawasawa kwa 6 ungesema kila mguu una kilo 692. Kumbe jozi ya kompresa peke yake ina 1,920, karibu nusu ya mashine, na jozi ya mwisho ina 820. Ndiyo maana anauliza namna inavyokaa. Kompresa zikielekea kwenye boriti, hadithi ni nyingine kabisa na zikielekea katikati ya slabu.

Niliwahi kupitisha mtambo mmoja kwa michoro, nikafika juu nikakuta umegeuzwa nyuma mbele. Fundi wa mabomba aliona kona mbili za bomba zinapungua, akamwambia mtu wa kreni auzungushe. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu uzito ulikuwa uleule. Tuliinua tena, na kreni ililipwa mara ya pili.

Kwa hiyo mtumie mchoro wenye miguu 6, ukipima kutoka kwenye mistari ya nguzo zake, siyo kutoka ukingo wa mashine. Andika wazi "kompresa upande huu". Na ile 1.5 ya Mukama usiiweke. Tuma uzito halisi usiozidishwa na useme haujazidishwa. Yeye ataweka kizidisho chake cha usalama, 1.4 au 1.6, mkizidisha wawili bila kuambiana, mnamuuzia mteja chuma asichokihitaji.

Mukama_wa_Site
Sawa, plinthi nimekubali. Lakini mtetemo je? Mashine inatikisika.

NondoNaZege
Inatikisika, ndiyo, na springi ndizo zinazuia isifike kwenye slabu. Ila kama slabu yenyewe ni laini, inalegea karibu sawa na springi, hazitafanya kazi na ofisi ya chini itasikia mngurumo. Hilo halitibiwi kwa kuzidisha uzito. Ni swali la ugumu wa slabu, aulizwe injinia.

FundiSpringi
Naongezea kidogo kwenye springi maana ndio mkate wangu. Kwa jedwali hilo usinunue springi 6 za aina moja. Ile ya kilo 980 italala, ya 390 itabaki imesimama, na chila itainama kama gari lenye pancha. Kila mguu na springi ya uzito wake. Na zichukue zenye stopa, zinazozuia mashine isipande. Siku ya kumwaga maji kwa matengenezo inapungua kilo 200, mashine inanyanyuka, na bomba zilizofungwa ndizo zinazovutwa.

Kisomoro94
Niko Fort Portal. Watu wa Kampala huwa mnafikiri tetemeko ni letu sisi wa mlimani peke yetu. La Februari 5, 1994 nilikuwa mdogo, nakumbuka kuta. La Bukoba la Septemba 10, 2016 lilisikika hadi huko kwenu. Wakati huo nilikuwa kwenye kazi ndogo Masaka, mashine ya hewa ya kliniki moja ilikuwa juu ya raba bila bolti. Haikuanguka. Ilisogea vidole vitatu, bomba la shaba likapinda shingoni, gesi yote ikaisha. Tuna kiwango chetu, US 319, cha usanifu wa tetemeko. Muulize injinia anatumia namba gani.

BaridiKla
Hapo kwenye bolti ndipo nimekwama. Anataka nimpe mimi nguvu, au anipe yeye?

NondoNaZege
Mnapeana. Yeye anakupa nguvu ya tetemeko na ya upepo kwa urefu wa jengo lake. Wewe unampa uzito, kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani, na umbali wa mguu hadi mguu. Tuseme, kwa mfano tu, amekwambia 0.3 ya uzito. Hiyo ni kN 12.2 ya kusukuma pembeni. Kitovu kikiwa mita 1.1 juu na miguu imeachana 2.1, msukumo unajaribu kuinua upande mmoja kwa kN 6.4. Uzito unaoshikilia upande huo ni karibu kN 20, au 19 mashine ikiwa haina maji, na kwa kung'oka tumia huo wa bila maji. Kwa mfano huu haing'oki.

Lakini inateleza, maana springi tupu haishiki kitu pembeni. Ile 12.2 yote inabebwa na stopa na bolti. Usigawe kwa 6. Stopa zina nafasi ndani, hazigongi zote pamoja. Mimi huwa nahesabu kama zimeshika 4, kN 3 kila moja. Upepo uhesabu kando, na ubavu wako una kama mita za mraba 11 kwa hiyo si mdogo. Haujumlishwi na tetemeko, kinachukuliwa kikubwa.

Halafu bolti imeshika nini? Ikishika plinthi iliyomwagwa juu ya lami bila nondo za kuiunganisha na slabu, umefunga mashine kwenye sahani inayoteleza. Na ukitoboa lami kupitisha hizo nondo, paa litavuja.

FundiSpringi
Ndiyo maana mimi huomba fremu ya chuma.

NondoNaZege
Ningekushauri hivyohivyo, BaridiKla. Kama nguzo zimeachana mita 6, pitisha mihimili miwili ya chuma, sema ya kilo 37 kwa mita, juu ya vinguzo vifupi vilivyosimama juu ya nguzo za jengo. Na vipande vya kukatiza, fremu yote haizidi tani moja, badala ya 5.7 za plinthi. Slabu haibebi mashine, na lami inatobolewa sehemu 4 tu. Ukubwa wa mihimili auchague yeye.

BaridiKla
Nguzo zimeachana 6.2. Shida ni kwamba jozi ya kompresa inatoka nje ya mstari wa nguzo karibu nusu mita, tusipoigeuza. Nikiigeuza, paneli ya umeme inaangalia ukuta wa lifti na nafasi ya kuhudumia inabaki sentimita 70.

NondoNaZege
Nusu mita ya kuning'inia inawezekana, ila jozi nzito ndiyo iko kwenye ncha. Mhimili utakua, na vinguzo vya upande wa pili vitabaki na mzigo mdogo. Mtumie hali zote mbili, aseme yeye.

Mukama_wa_Site
Na kreni itasubiri?

BaridiKla
Nimepiga simu asubuhi, wamekubali kusogeza siku 10. Mchoro wa miguu unaondoka leo. Swali la nani analipa chuma bado liko kwa mteja, na huko sijui nitajibiwa lini.

MamaTanki
Nimefungua uzi wangu, karibuni. Fundi amekasirika.