Dalali anadai asilimia 10 ya kiwanja nilichouza mwenyewe, nimlipe?

Mama_Wawili: Wakuu, naomba ushauri. Mwezi wa tatu nilitaka kuuza kiwanja changu cha Chanika, nikamwambia dalali mmoja wa pale. Nikawaambia na wengine wawili, na ndugu zangu pia. Huyu wa kwanza alikipiga picha, akasimamisha bati limeandikwa KINAUZWA na namba yake, akaniletea wateja wawili. Mmoja alisema ni bondeni, wa pili alitaka nimpunguzie hadi milioni 12, nikakataa. Baada ya hapo kimya.

Mwezi wa sita shangazi yangu akanitafutia mnunuzi, dada wanayeimba naye kwaya. Tumemalizana kwa milioni 18. Sasa dalali kasikia, anadai milioni moja na laki nane, eti "kiwanja nilikitangaza mimi". Anatishia kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kumzuia mnunuzi asijenge. Hatukuandikiana popote.

Bishoo_wa_Mbezi: Hamkuandikiana? Basi hakuna deni dada. Mblok, maisha yaendelee.

Karani_Mstaafu: Bishoo, hapo umepotoka kidogo. Makubaliano ya mdomo yanahesabika, na watu wanashinda kesi kwa mashahidi na meseji za simu tu. Kwa hiyo mama, usijitetee kwa kukosa karatasi.

Utetezi wako uko kwingine. Dalali halipwi kwa jasho, analipwa kwa biashara iliyofungwa kwa sababu yake. Bati, picha na nauli za bodaboda ni gharama zake za kutafuta riziki, labda kama uliahidi kumrudishia. Nijibu matatu. Ulimwambia ni yeye peke yake anayeuza? Ulisema utamlipa hata akiuza mwingine? Na huyu dada wa kwaya aliwahi kuzungumza na dalali, hata kwa simu?

Mama_Wawili: La kwanza hapana, alijua kuna wenzake wawili, hata aliwasema vibaya. La pili, meseji yangu hii hapa: "Ukileta mteja akanunua nakupa kumi yako." La tatu sijamuuliza.

Karani_Mstaafu: Hiyo meseji itunze kama cheti cha kuzaliwa. "Ukileta mteja akanunua" ni masharti mawili, alete na anunue. Wateja aliowaleta hawakununua, aliyenunua hakumleta yeye.

Mpangaji_Sugu: Hawa watu ni wezi! Mimi Kimara nililipa kodi ya mwezi mzima kwa dalali, chumba chenyewe nimeonyeshwa na mama mwenye nyumba. Na elfu kumi ya "kuona chumba" juu. Naweza kuidai?

Karani_Mstaafu: Ulishalipa kwa hiari ndugu yangu, hiyo ni habari nyingine. Fungua uzi wako.

Dalali_Halali: Mnatusema tu. Mnajua mara ngapi tunaleta mteja, mwenye mali anamwambia pembeni "rudi kesho bila huyu"? Mteja akishapitia kwangu, hata mkifunga baada ya miezi mitatu, changu ni changu. Mama, huyo dada asije akawa aliona bati langu… la mwenzangu, akapiga simu, kisha shangazi akaingilia.

Karani_Mstaafu: Hapo Dalali_Halali ana hoja. Kama alimuunganisha nanyi mkamruka, lipa. Ndiyo maana swali la tatu ni zito kuliko mawili ya mwanzo. Likiwa safi, mtumie meseji moja tu, isiyo na matusi:

"Ndugu, tulikubaliana nikulipe ukileta mteja akanunua. Wateja wako wawili hawakununua. Aliyenunua ameletwa na ndugu yangu, hukuhusika. Sitalipa dai hili. Ukiwa na ushahidi kwamba ulimleta wewe, nitumie."

Usimpe "ya soda" ili akuache halafu ukaandika "nyingine nitakumalizia". Hapo umekiri deni. Kumzuia mnunuzi asijenge hawezi, dai lake ni la pesa na ni kwako, hana haki yoyote juu ya ardhi. Mwenyekiti akikuita nenda, anasuluhisha tu, hatoi hukumu.

Mama_Wawili: Nimemuuliza. Anasema bati aliliona mwezi wa tano akipita na daladala, ila hakupiga. Shangazi alipomtajia kiwanja ndipo akakumbuka, "kumbe ni kile cha bati jekundu".

Dalali_Halali: Mmesikia? Aliliona!

Karani_Mstaafu: Kuona si kupiga. Ingawa sikufichi mama, hapo hakimu mmoja anaweza kukuna kichwa. Mwombe mnunuzi aandike karatasi fupi: alisikia kwa nani, lini, nani alimpeleka kuona kiwanja, na bei alipatana na nani. Asaini, shangazi awe shahidi. Afanye sasa, kabla dalali hajamfikia.

Mama_Wawili: Sawa mzee wangu. Kesho naenda kuling'oa hilo bati.

Karani_Mstaafu: Lipige picha kwanza, namba ionekane. Kisha mwambie aje alichukue, ni mali yake.