Intaneti dukani inagoma kila jioni. Simu inafungua, kompyuta hazifungui, rauta nimeshabadilisha

Mama_Steshenari
Habari zenu wakuu. Nina steshenari hapa Pasua, Moshi. Natoa kopi, naprinti, na kuwajazia wanafunzi fomu mtandaoni. Intaneti ni ya faiba: kuna kiboksi ukutani, halafu rauta. Wiki ya pili sasa, ikigonga saa kumi jioni, wateja ndiyo wanajaa, kompyuta zote mbili zinagoma kufungua kurasa. Zinazunguka weee, kisha zinatoa Kiingereza kirefu. Kufika saa tatu usiku zinarudi zenyewe.

Kinachonichanganya ni simu yangu. Iko kwenye waifai hiyohiyo na inafungua kila kitu, WhatsApp inaingia kama kawaida. Nikiwapigia wenye mtandao wananiambia nizime rauta niwashe. Fundi wa hapa mtaani akasema rauta imechoka, nikanunua nyingine 95,000. Jioni yake mambo yaleyale. Sasa anasema kwa kuwa simu inafungua, basi kompyuta zina virusi, nimpelekee azipige Windows upya, 20,000 kila moja. Nimpe?

Dogo_Sakina
Usimpe hata mia. Hiyo ni DNS. Ingia kwenye kompyuta weka 8.8.8.8 ya Google, kwisha habari. Mimi ghetto nimeweka, inateleza.

Babu_wa_Rau
Binti, angalia tarehe. Yangu ilikuwa inakataa tovuti zote, inaniambia si salama, kumbe kila nikizima inarudi mwaka 2009. Nilibadilisha kabetri kadogo ka ndani, CR2032, ikapona.

Mama_Steshenari
Shikamoo babu. Tarehe ziko sawa zote mbili, na asubuhi zinafungua vizuri tu.

Fundi_Njiro
Mama, subiri kwanza kutoa hela. Babu, ugonjwa wako haungesubiri saa kumi jioni, ungegoma kutwa nzima. Na kompyuta mbili kuugua virusi saa ileile na kupona saa ileile, hapana.

Mimi nina wasiwasi na hiyo simu, maana ndiyo shahidi pekee wa huyo fundi. Ina bando? Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti zinahamia data kimyakimya, na alama ya waifai unaweza kuendelea kuiona pale juu. Leo saa kumi zima data kabisa, bakiza waifai, halafu jaribu tena.

Kisha kaa kwenye kompyuta iliyochomekwa waya, siyo ya waifai, fungua `cmd` na uandike moja baada ya nyingine:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping www.wikipedia.org
```

Ya kwanza inaishia kwenye rauta yako (hakikisha namba kwa kuangalia kibandiko chini ya rauta, nyingine ni 192.168.0.1). Ya pili inatoka nje ya duka, inapita kwa mtoa huduma na kwenda mbele, lakini inatumia namba tupu. Ya tatu ni safari kama hiyo ila kwa jina. Tunatafuta inapokatikia. Na hicho Kiingereza ulichokiruka, kipige picha.

Dogo_Sakina
Mkuu unazunguka mbuyu. Si aweke tu 8.8.8.8?

Fundi_Njiro
Na kama waya wa faiba ndio umelegea? Ataweka, haitasaidia, na kesho tutakuwa na vitu viwili vya kufukuzia. Tuache kama palivyo mpaka tuone.

Mama_Steshenari
Nimerudi, ni saa kumi na nusu. Nimezima data: simu nayo haifungui hata ukurasa mmoja! Ujumbe wa WhatsApp umebaki na kale kasaa. Kumbe siku zote nilikuwa nakula bando langu.

Rauta imejibu zote nne, 1ms. 8.8.8.8 imejibu zote nne, 24ms. Ya tatu imeandika:

```
Ping request could not find host www.wikipedia.org. Please check the name and try again.
```

Fundi_Njiro
Safi sana. Kompyuta zimetoka kwenye orodha, maana na simu imeugua. Waya na faiba vimetoka, namba inakwenda na kurudi bila kupotea. Kinachokufa ni kuuliza jina, ndiyo hiyo DNS. Kompyuta inamuuliza rauta, "wikipedia iko namba gani?", rauta inamuuliza mtoa huduma, jibu halirudi. Bado hatujui kati ya hao wawili nani amenyamaza. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, sehemu ya WAN, utaona namba ya DNS aliyopewa na mtoa huduma. Muulize kila mmoja peke yake. Ya mwisho weka hiyo namba uliyoiona:

```
nslookup www.wikipedia.org 192.168.1.1
nslookup www.wikipedia.org 8.8.8.8
nslookup www.wikipedia.org NAMBA_YA_MTOA_HUDUMA
```

Mama_Steshenari
Ya rauta: `DNS request timed out`. Ya 8.8.8.8 imejibu papo hapo na namba. Ya mtoa huduma: timed out, nimerudia mara tatu.

Fundi_Njiro
Basi rauta haina kosa, na ile ya zamani nayo haikuwa nalo. Seva ya majina ya mtoa huduma ndiyo inazidiwa jioni, au njia ya kuifikia. Kutokea dukani kwako huwezi kuona zaidi ya hapo. Sasa ndiyo weka 8.8.8.8, ila kwenye rauta, sehemu ya DHCP, ya pili weka 1.1.1.1. Ukiweka kwenye kompyuta moja moja, simu za wateja zitabaki kulia. Ukimaliza zima na washa vifaa vyako vipate namba mpya.

Dogo_Sakina
Si nilisema!

Fundi_Njiro
Ulipatia, dogo. Ulipatia kama anayebashiri mvua mwezi wa nne.

Mama_Steshenari
Jioni ya pili leo, saa kumi imepita, kurasa zinafunguka. Ila kuna tovuti moja ya maombi ya vyuo bado inazunguka tu, na nina foleni ya watoto. Nimei-ping haijibu.

Fundi_Njiro
Hapo ping isikudanganye. Tovuti nyingi nzima kabisa zimezuiwa zisijibu. Zima waifai, fungua tovuti hiyo kwa data ya simu, ikiwezekana ya kampuni nyingine.

Mama_Steshenari
Kwa data haifungui. Simu ya mteja, laini tofauti, haifungui.

Fundi_Njiro
Basi mzigo uko kwao wenyewe, usiguse kitu dukani.

Kijenge_Juu
Wakuu na mimi yangu inakata mvua ikinyesha. Nayo ni DNS?

Fundi_Njiro
Ya antena au ya faiba? Ikikata, 192.168.1.1 inajibu? Fungua uzi wako tuone.

Mama_Steshenari
Ile tovuti imefunguka saa tatu na dakika ishirini usiku, tumetuma fomu nne. Kuhusu wenye mtandao, niliwasomea majibu ya nslookup kwenye simu, dada akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nizime rauta niwashe.

Rauta ya zamani nilimwachia yule fundi akanipunguzia hela ya ufundi. Leo nimemfuata anirudishie. Anasema ameshaiuza Kiboriloni.