Tupeane uzoefu: mashine ya kusaga mahindi kijijini, lita 5 za mazutu zinasaga magunia mangapi?

MWANA KATUBA
Leo asubuhi nimepita Katuba nikasikia mota ya kusaga ikizungushwa kwa mkono, ule mlio wa kwanza kabla haijashika, nikakumbuka mwaka niliokaa kando ya barabara ya Kasenga na mashine yangu. Najua wengi hapa mna mpango kama huo, kwa hiyo naandika yaliyonikuta.

Nilinunua mota ya S195, ile ya Kichina ya farasi 12, pamoja na kinu cha nyundo, vyote vimeshatumika. Mahali palikuwa pazuri. Akina mama walikuwa wanatembea saa mbili na ndoo kichwani kutafuta mashine, na wengine walitwanga. Wiki ya kwanza nilipima: nikatia lita 5 tangini, tukasaga mpaka mota ikazima yenyewe. Magunia 7 ya kilo 50. Nikaandika kwenye daftari, nikamwachia kazi kijana mmoja wa palepale, mimi nikarudi Lubumbashi.

Mwezi wa tatu hesabu ikawa haikubali. Mazutu yale yale, unga umepungua. Nikaenda, nikapima tena mbele ya kijana: lita 5, magunia 4. Nikamwambia umekuwa unauza mazutu yangu usiku, na leo umechanganya na kitu ili nisijue. Aliapa kwa jina la mama yake. Nikamfukuza mbele ya wateja.

Baada ya siku kumi fundi alikuja kwa ajili ya mkanda, akafungua kinu. Akatoa nyundo moja akanipa mkononi. Kona zake zilikuwa zimelika, mviringo kama kipande cha sabuni ya mwisho. Haipigi tena punje, inaisukuma tu, punje inazunguka ndani mpaka ichoke. Mota inakula mazutu kwa kuzungusha mahindi yale yale. Kijana hakuiba hata tone. Nilimfuata hadi kwao kuomba msamaha, baba yake akanipokea, yeye hakutoka chumbani.

Wenzangu, ninyi mlipima vipi? Yalikukuta nini?

MAMA WA LIKASI
Njo vile. Wengi tumefukuza watoto wa watu bure.

FUNDI RUASHI
Pole, ndugu. Nyundo ina kona nne. Ikilika upande mmoja unaigeuza, ukimaliza hapo unaipindua, ndiyo maana ina tundu pande zote mbili. Kwa hiyo seti moja ni kama seti nne. Lakini usigeuze moja moja unavyopenda. Geuza zote siku moja, na zinazotazamana ziwe na uzito sawa, la sivyo kinu kinatetemeka na beringi zinakufa ndani ya wiki chache. Weka mkono juu ya kinu kikiwa tupu kinazunguka: ukisikia kinapiga kiganja, zima.

Dalili unazipata mapema bila kufungua. Shika unga unapotoka. Ukiwa wa moto kuliko kawaida na foleni haisogei, nyundo zimekwisha au tami ya kuchuja unga imeziba.

PAPA BILANGA
Kwa nini hamuweki tami ya matundu madogo zaidi? Unga unakuwa laini, wateja wanafurahi, kwisha. Mimi nilifanya hivyo.

FUNDI RUASHI
Laini utapata, Papa, hapo una haki. Lakini punje inakaa ndani muda mrefu zaidi kabla ya kupita, na muda huo unaulipa kwa mazutu. Ulipima magunia kabla na baada?

PAPA BILANGA
Sikupima. Lakini kwetu mtu hapiki bukari kwa unga wa mawe. Wewe unaongea kama fundi, mimi naongea kama mwenye wateja.

MAMA WA LIKASI
Papa Bilanga, na mahindi yako yalikuwa makavu? Kwangu mwezi wa nne watu walileta mahindi mapya yenye maji, tami ikaziba kama imepakwa udongo. Sasa nina chupa kavu yenye chumvi kavu. Natia punje konzi mbili, natikisa, naacha dakika chache. Chumvi ikibaki imenata kwenye chupa namwambia mama rudisha uanike siku mbili. Wengine walikasirika, lakini unga wa mahindi mabichi unaota kuvu, halafu wanasema mashine yangu ina uchawi.

KIJANA WA KIPUSHI
Mimi sitasahau maji. Mota hiyo hiyo ya farasi 12, inapozwa na maji ya kwenye tangi la juu, yanachemka na kupungua taratibu. Kuna kile kijiti chenye kichwa chekundu: kikizama, maji yamekwisha. Siku ya matanga kulikuwa na ndoo zaidi ya thelathini, hakuna aliyekiangalia. Mlio ukawa mzito, moshi mweusi. Mdogo wangu akakimbia na ndoo ya maji baridi ya mtoni akamwaga yote. Tulisikia "ta!" kama jiwe limepasuka. Silinda hedi ilipasuka.

FUNDI RUASHI
Angezima mota, aiache ipoe yenyewe, ndipo atie maji. Ukiona imekauka usikimbilie maji.

DADA WA KASENGA
Niliposoma neno mkanda pale juu nimeshindwa kunyamaza. Kwetu mkanda ulikuwa wazi, kati ya mota na kinu, na njia ya wateja inapita hapo hapo. Mama mmoja aliinama kuinua ndoo, ncha ya kitenge ikashikwa na puli. Kilimzungusha kiunoni. Kaka yangu hakuwaza kuzima mota, alichukua panga akakata kitenge. Mama alivunjika mbavu mbili, ni mzima. Tangu siku hiyo mota yetu iko nyuma ya ukuta, mkanda unapita kwenye tundu, na juu yake kuna kizimba cha nondo.

MAMA WA LIKASI
Yesu! Asante kaka yako.

PAPA BILANGA
Watu waambiwe wafunge vitenge vizuri.

DADA WA KASENGA
Papa, heshima yako, lakini mashine ni ya mwenye mashine. Mama alikuja kusaga tu.

FUNDI RUASHI
Na faida nyingine ya ukuta: mota haivuti vumbi la unga. Kichungi cha hewa kikijaa unga, moshi unakuwa mweusi na magunia yanapungua, dalili karibu ile ile ya nyundo. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu safisha kichungi, halafu fungua kinu.

MTOTO WA BUKAVU
Huku tunasaga zaidi muhogo mkavu, sijui kama hesabu zenu zinatufaa. Mimi nilitaka kuuliza: mnachaji simu kwa mota hiyo hiyo? Nina betri ya gari, imekufa miezi mitano.

KIJANA WA KIPUSHI
Sisi tulifunga alternata ya gari kwenye mkanda wa pili. Betri inajaa wakati wa kusaga. Yako iliuawa na nini, uliimaliza mpaka simu zikakataa?

MTOTO WA BUKAVU
Kila usiku.

KIJANA WA KIPUSHI
Basi ndiyo hiyo. Betri ya gari haitaki kushuka chini ya nusu. Ikifika nusu, funga duka.

MWANA KATUBA
Tusiache neno la mazutu. Mimi nikipima sasa napata magunia 6 na kidogo kwa nyundo zilizogeuzwa, si 7. Fundi, hilo moja linaenda wapi? Puli ya mota ni sentimita 20, ya kinu ni 12.

FUNDI RUASHI
Mota yako ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kinu kinapata kama 3,300. Hiyo ni sawa. Mkanda ukilegea unateleza na namba hiyo haifiki. Gusa puli ukishazima: ikiwa ya moto sana, ni mkanda. Ikiwa baridi, niletee tami yako Jumamosi niione.